Kutoka kutembeza hadi fremu: maswali ambayo machinga wa Dar es Salaam huuliza kabla ya kuchukua duka

Nilitembeza nguo za watoto Kariakoo na Mbagala kwa miaka sita kabla ya kuchukua fremu yangu ya kwanza. Tangu hapo, karibu kila mwezi kuna kijana au mama anayekuja kuniuliza kama na yeye amefikia hatua hiyo. Maswali huwa yaleyale, kwa hiyo nimeyaandika hapa pamoja na majibu ninayowapa. Ninazungumzia Dar es Salaam, na zaidi biashara ya nguo, viatu na vitu vidogo vya nyumbani. Mwenye genge au mama lishe atakuta mengine yanamhusu na mengine hayamhusu.

Nitajuaje kama nimefikia hatua ya kuchukua fremu?

Wengi huangalia mauzo. Mtu akiuza laki kwa siku mbili mfululizo anaanza kutafuta dalali. Mimi ninakuomba uangalie kitu kingine, ambacho ninakiita gharama ya mlango, yaani fedha inayokutoka kila siku kwa sababu tu una mlango wa kufungua, hata asipoingia mteja. Ukitembeza, siku mbaya inakugharimu nauli na chakula, na mvua ikinyesha unalala nyumbani. Ukiwa na fremu, kodi inahesabika siku ya mvua, siku ya msiba na siku unayoumwa.

Chukua daftari uandike mauzo ya kila siku kwa miezi mitatu, na pembeni yake uandike faida, kwa sababu ni faida ndiyo italipa mlango. Mtu asiyejua faida yake ya siku kwa wastani hawezi kujua fremu ya bei gani inamfaa, na hapo dalali ndiye atakayemwamulia.

Nipigie hesabu ya mfano. Mlango unakula shilingi ngapi?

Tuchukue mtu anayetembeza nguo za watoto Mbagala na kuuza Sh 50,000 kwa siku. Katika kila Sh 10,000 ya mauzo, Sh 3,000 ni faida, kwa hiyo siku inamwachia Sh 15,000. Analipa Sh 1,000 ya stoo anapolaza mzigo usiku, anabaki na Sh 14,000. Nauli na chakula chake siviweki, maana atavilipa huku na huko.

Sasa anachukua fremu ya Sh 150,000 kwa mwezi. Mwenye nyumba anataka fedha hiyo mkononi bila makato, kwa hiyo kodi ya zuio ya pango inamwangukia mpangaji, nayo ni kama Sh 16,700 kwa mwezi (nitaieleza mbele). Mlinzi wa usiku wa safu ile anachangiwa Sh 15,000, taka ni Sh 5,000, umeme wa LUKU Sh 20,000. Leseni na vijilipo vingine vya mwaka tukivigawa kwa miezi 12 tuseme ni Sh 10,000. Jumla ni karibu Sh 216,700 kwa mwezi. Akifungua siku 26, mlango unakula kama Sh 8,300 kwa siku kabla hajagusa kodi ya mapato.

Kodi ya mapato, kwa kiwango atakachoangukia, ni asilimia 3.5 ya mauzo. Hivyo ile faida yake ya Sh 3,000 katika kila Sh 10,000 inashuka kuwa Sh 2,650. Kama fremu itampandisha mauzo kutoka Sh 50,000 hadi 60,000 kwa siku, atafurahi kwamba biashara imekua. Lakini Sh 60,000 itamwachia Sh 15,900, ukitoa mlango anabaki na kama Sh 7,600. Ameongeza mauzo, amefunga mikono kutwa nzima ndani ya fremu, na anarudi nyumbani na nusu ya alichokuwa anapata barabarani.

Ili abaki na ileile Sh 14,000 lazima auze zaidi kidogo ya Sh 84,000 kwa siku, kila siku, kwa siku 26. Chini ya hapo anaihudumia fremu. Nimeona watu wakifunga duka mwezi wa nane wakisema wamelogwa, na hesabu yao tulipokaa kuipiga ilikuwa hii hii.

Weka namba zako mwenyewe. Ukiuza simu au vipodozi faida itakuwa tofauti, na fremu ya Kariakoo ndani haifanani kabisa na ya Chamazi. Njia ya kuhesabu ndiyo haibadiliki.

Siku ya kwanza natakiwa kuwa na fedha kiasi gani?

Hapa ndipo mtaji unapofia. Fremu nyingi hapa mjini zinataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, nyingine mwaka. Kwa fremu ya mfano wetu hiyo ni Sh 900,000. Dalali anachukua kodi ya mwezi mmoja, Sh 150,000. Kisha rangi, rafu, taa, kufuli mbili nzito na fundi wa geti, ambazo kwa kubana sana ni Sh 350,000. Umefika Sh 1,400,000 na hujanunua hata soksi moja.

Ukitembeza, mzigo wa Sh 300,000 unatosha, kwa sababu ukiubeba begani unaonekana mwingi. Mzigo huohuo ukiutundika kwenye fremu, mteja anachungulia mlangoni na kupita. Duka la nguo za watoto linahitaji saizi zote, wa kike na wa kiume, la sivyo kila mama anayeingia atatoka akisema "saizi ya mwanangu hamna". Kwa uzoefu wangu fremu ndogo huanza kueleweka mzigo ukifika milioni moja na nusu. Kama fedha uliyo nayo inatosha kodi tu, subiri. Usikope kausha damu ujaze rafu, kwa sababu marejesho yake ya kila siku yatakuwa mlango wa pili juu ya ule wa kwanza.

Kilemba ni nini, na kinarudi?

Ni fedha unayompa mpangaji anayetoka ili akuachie sehemu nzuri, nje kabisa ya kodi ya mwenye nyumba. Hakirudi. Mwenye nyumba hana wajibu wa kukitambua, na akikutoa mwaka kesho huna wa kumdai. Kama unalazimika kukilipa, zungumza kwanza na mwenye nyumba mwenyewe, upate mkataba mpya kwa jina lako kabla fedha haijatoka mfukoni.

Nina kitambulisho cha mjasiriamali. Si kinatosha?

Kile cha Sh 20,000 kilichoanza kugawiwa mwishoni mwa 2018 kililenga mtu ambaye mauzo yake hayazidi Sh milioni 4 kwa mwaka. Gawa hiyo kwa siku 365 upate kama Sh 11,000 ya mauzo kwa siku. Mauzo, narudia, siyo faida. Machinga wengi wanaouliza swali hili walishapita kiwango hicho zamani wakiwa bado barabarani, ila hakuna aliyewahesabia. Ukiingia kwenye fremu unakuwa na anwani, na mtu mwenye anwani anahesabiwa.

Kwa hiyo kitambulisho hakikuvushi kwenye duka. Utahitaji TIN ya biashara na leseni ya biashara.

Naanzia wapi: TRA, halmashauri au BRELA?

Anzia kwenye mkataba wa pango. Kila ofisi utakayoingia itauliza biashara iko wapi, na jibu linalokubalika ni mkataba wenye jina lako. Wengi hukwama kwa sababu mkataba una jina la kaka au la mpangaji aliyetoka.

Ukiwa na mkataba na namba ya NIDA, nenda ofisi ya TRA ya eneo la duka. TIN hutolewa bure, kwa hiyo anayekutoza Sh 30,000 pale nje anakuuzia foleni. Angalia jambo moja: kama ulishapata TIN kwa ajili ya leseni ya udereva, ile si ya biashara. Usiombe nyingine, maana mtu anakuwa na TIN moja tu. Waambie waibadili iwe ya biashara.

Hapohapo TRA watakufanyia makadirio, yaani watakuuliza unatarajia kuuza kiasi gani kwa mwaka na kukupangia kodi. Nenda na daftari lako. Asiye na kumbukumbu hukadiriwa kwa kuangaliwa duka lilivyo, na duka likiwa limepakwa rangi jana linaonekana tajiri kuliko mwenyewe. Ukikamilisha hatua hiyo unapata hati ya uthibitisho wa mlipakodi, na kwa hati hiyo unaomba leseni ya biashara ya halmashauri kupitia mfumo wa TAUSI, unalipa kwa namba ya malipo inayotolewa na mfumo. Ada inategemea aina ya biashara na eneo. Leseni ni ya miezi 12, kwa hiyo andika tarehe yake ukutani.

BRELA utaihitaji kama unataka kutumia jina la biashara ambalo si jina lako. Kama bango litasomeka jina lako kamili, unaweza kuanza bila hiyo.

Kodi ya mapato nitalipa kiasi gani?

Kwa viwango vilivyowekwa na Sheria ya Fedha ya 2022 kwa wafanyabiashara wadogo, mauzo yasiyozidi Sh milioni 4 kwa mwaka hayalipi. Kati ya milioni 4 na 7, asiye na kumbukumbu analipa Sh 100,000, na mwenye kumbukumbu analipa asilimia 3 ya kile kinachozidi milioni 4. Kati ya milioni 7 na 11, asiye na kumbukumbu analipa Sh 250,000, na mwenye kumbukumbu Sh 90,000 pamoja na asilimia 3 ya kinachozidi milioni 7. Kuanzia milioni 11 hadi 100 ni asilimia 3.5 ya mauzo yote. Bajeti husomwa kila Juni na viwango hivi huweza kuguswa, hivyo waulize TRA Julai.

Ona thamani ya daftari. Mwenye mauzo ya Sh milioni 5 bila kumbukumbu analipa Sh 100,000. Mwenzake mwenye mauzo hayohayo na daftari lililokamilika analipa asilimia 3 ya milioni moja, yaani Sh 30,000.

Sasa geuza milioni 11 kuwa siku. Ukifungua siku 26 kwa mwezi, ni kama Sh 35,000 ya mauzo kwa siku. Fremu yoyote inayopumua inauza zaidi ya hapo. Maana yake, ukichukua fremu jihesabu moja kwa moja kwenye asilimia 3.5. Duka linalouza Sh 60,000 kwa siku linafikisha Sh 18,720,000 kwa mwaka, na kodi yake ni Sh 655,200.

Inalipwa kwa awamu nne, mwisho wa Machi, Juni, Septemba na Desemba. Kwa duka hilo kila awamu ni Sh 163,800. Ukisubiri tarehe 28 ndipo utafute fedha hiyo, utaitoa kwenye mtaji wa mzigo. Mimi nina kibubu cha bati chini ya kaunta, na kila jioni naweka Sh 350 kwa kila Sh 10,000 niliyouza. Mwanzoni niliona kero. Mwaka ule ambao sikuweka, nilifunga robo ya tatu kwa kuuza mzigo wa sikukuu kwa bei ya hasara ili nilipe.

Mashine ya risiti ni lazima?

Mauzo yakifikia Sh milioni 11 kwa mwaka, ndiyo, unatakiwa kutoa risiti ya EFD. Na kama ulivyoona, kiwango hicho ni Sh 35,000 kwa siku. Kabla hujanunua mashine, waulize TRA kuhusu mfumo wa kutoa risiti kwa simu, kwani kwa duka dogo unaweza kukupunguzia gharama ya kuanzia.

Na wewe dai risiti unapochukua mzigo Kariakoo. Barabarani hatukuwa na mazoea hayo, tulichukua mzigo na kuondoka. Dukani ni tofauti: afisa akiingia na kuuliza nguo hizi umezinunua wapi, risiti ndiyo jibu. Wapo wauzaji wa jumla watakaokwambia bei ya risiti ni nyingine. Hesabu hiyo bei nyingine kama bei halisi ya mzigo, kisha uone kama bado una faida.

Kodi ya zuio kwenye pango ni mzigo wa nani?

Ya mwenye nyumba. Ni asilimia 10 ya pango lake. Ila sheria inakutaka wewe mpangaji mfanyabiashara uikate kwenye kodi unayompa na kuiwasilisha TRA ndani ya siku saba baada ya mwezi uliolipa kuisha. Usipoikata, TRA watakudai wewe.

Kwa utaratibu huo, pango la miezi sita likiwa Sh 900,000, unampa mwenye nyumba Sh 810,000 na TRA Sh 90,000. Wenye nyumba wengi wa huku hawataki kusikia. Anakwambia anataka laki tisa yake mkononi. Ukikubali, pango lako halisi limekuwa Sh 1,000,000, kwa sababu laki tisa ni ile asilimia 90 iliyobaki baada ya kukatwa, na zuio ni Sh 100,000. Ndiyo ile Sh 16,700 ya kila mwezi niliyoiweka kwenye mfano. Juu yake kuna ushuru wa stempu wa mkataba, asilimia 1 ya pango la mwaka.

Lizungumze siku ya kwanza kabla hujaonyesha kwamba umeipenda fremu, na muandike kwenye mkataba nani anabeba. Mimi sikuuliza. Nililetewa dai la miaka miwili kwa pamoja, wakati mwenye nyumba alishauza ile nyumba na kuhamia mkoani.

Kwenye mkataba niangalie nini kingine?

Hakikisha anayekupangisha ndiye mwenye fremu. Mara nyingi ni mpangaji kama wewe anayepangisha juu kwa juu, na siku mwenyewe akitokea utatolewa ukiwa bado una miezi minne uliyoilipia. Nenda ofisi ya serikali ya mtaa ukaulize, mjumbe anajua nyumba ya nani.

Angalia ukuta kama una alama ya X, hata iliyopakwa rangi juu. Fremu nyingi za kando ya barabara kubwa zimejengwa ndani ya hifadhi ya barabara, na ndiyo maana nyingine ni rahisi. Uliza pia mita ya umeme. Kama mnachangia mita moja na saluni, utakuwa unalipia drai ya mwenzako. Mwisho, mwandike notisi ni ya muda gani na kodi itapanda lini.

Kizimba cha sokoni si nafuu zaidi?

Kwa kuanzia, mara nyingi ndiyo. Ushuru wake ni mdogo, hutozwi kodi ya miezi sita kwa mkupuo, na wateja wameshazoea kuja sokoni. Baada ya machinga kuondolewa barabarani Oktoba 2021, wengi waliopata vizimba sehemu zenye wapita njia wametulia. Waliopangiwa mahali pasipopita watu walirudi barabarani ndani ya wiki chache, na siwalaumu. Kaa pale sokoni siku tatu za kawaida, siyo mwisho wa mwezi, uhesabu watu wanaopita mbele ya kizimba unachoonyeshwa.

Hatari zake ni mbili. Vizimba vingi vina jina la mtu mwingine kwenye daftari la soko, nawe unapangishwa kienyeji. Ukaguzi ukija, mwenye jina ndiye anayetambulika. Ya pili ni moto. Soko Kuu la Kariakoo liliungua Julai 2021, na soko la Karume likaungua Januari 2022, na watu walipoteza mtaji wote usiku mmoja kwa sababu mzigo wote ulilala pale. Kizimbani acha mzigo wa kuuza siku mbili tatu, mwingine ulale nyumbani, na uulize bei ya bima ya moto kabla ya kusema huimudu.

Wateja wangu wa barabarani watanifuata?

Wachache sana. Mteja wa machinga hakukufuata wewe, alikutana nawe akiwa njiani. Hilo liliniuma, maana nilidhani nina wateja mia mbili kumbe nilikuwa na njia yenye watu mia mbili.

Wanaofuata ni wale wenye namba yako ya simu. Kwa hiyo miezi mitatu kabla ya kuhama, anza kuomba namba. Na jiandae kwa aina mpya ya mteja, jirani anayekufahamu kwa jina na kutaka mkopo. Barabarani hakuna anayekopa kwa mtu asiyejua kesho atakuwa wapi. Dukani watakuja na "nitakupa jioni". Weka ukomo kwa kiasi cha fedha, kwa mfano madeni yote yasizidi faida ya siku tatu, na uufuate hata kwa shemeji.

Naweza kuwa na fremu na bado nikatembeza?

Unaweza, na kwa mwaka wa kwanza nashauri hivyo kama una mtu wa kukaa dukani. Asubuhi Mbagala duka la nguo hulala. Mwenzako anakaa, wewe unatoka na mzigo hadi saa nane, kisha jioni, wakati watu wanatoka kazini, unakuwa dukani mwenyewe. Mauzo ya barabarani yaingie kwenye daftari lilelile.

Huyo mtu ukimwajiri, fahamu kwamba mwajiri anatakiwa kumwandikisha NSSF, ambako mchango ni asilimia 20 ya mshahara kwa pande zote mbili. Hesabu mzigo naye kila jioni kwa idadi ya nguo. Fedha pekee haitakuonyesha nguo iliyotoka bila kuandikwa.

Nikishindwa na kurudi barabarani, nafanyaje?

Usifunge geti na kuondoka kimya. Ukifanya hivyo, TRA wanaendelea kukuhesabu kama mfanyabiashara, awamu zinaendelea kusomeka, na miaka miwili baadaye unapotaka kuanza tena unakuta deni na adhabu juu yake. Nimemsindikiza kijana mmoja aliyekuta anadaiwa kwa duka alilokuwa ameshalisahau.

Andika barua kwa meneja wa TRA wa eneo lako kueleza kwamba umefunga, taja TIN, mahali duka lilipokuwa na tarehe, ambatisha nakala ya barua ya serikali ya mtaa inayothibitisha, na uombe wagonge muhuri kwenye nakala utakayobaki nayo. Fanya vivyo hivyo ofisi ya biashara ya halmashauri kuhusu leseni. Lipa awamu ya robo uliyokuwa bado wazi. Nakala zile zenye muhuri zifunge kwenye mfuko wa nailoni na uziweke pamoja na cheti cha kuzaliwa, kwa sababu siku utakayorudi kuchukua fremu nyingine ndizo utakazoulizwa kwanza.